Bendi kongwe zikirudi: sikiliza ufunguo

Swali: Nitajuaje kama bendi ya zamani iliyorudiana bado inaweza, au inatafuta hela tu?

– Anza na ufunguo, yaani kiwango cha juu au chini ambacho wimbo unaimbwa na kupigwa. Sauti za juu humponyoka mwimbaji kadiri umri unavyosonga, kwa hiyo bendi makini hushusha wimbo kwa nusu toni au toni nzima. Led Zeppelin, bendi ya roki ya Uingereza, walizishusha baadhi ya nyimbo zao London tarehe 10 Desemba 2007, Jason Bonham akipiga ngoma mahali pa marehemu baba yake, na onyesho lile lilisifiwa sana. Huo si udanganyifu. Ila gitaa likishushwa bila kufungwa nyuzi nene zaidi, nyuzi hulegea na sauti huyumba. Kinachonikera ni sauti iliyorekodiwa: maikrofoni ikisogea mbali na mdomo na sauti isipungue, hapo haimbi.

– Wote wanafuata pesa, siku hizi rekodi haziuzi.

– Kwa wengi ni kweli, ndugu, lakini lile la London lilikuwa la hisani, kwa kumbukumbu ya Ahmet Ertegun, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya rekodi ya Atlantic iliyotoa nyimbo zao, na hawakufanya ziara baada yake.

– Mpiga ngoma akibadilika, bado ni bendi ileile? Kwangu hapana.