Siku nne bila choo, saiti Marsabit

"Tangu nitoke Nairobi sijaenda choo, siku ya nne. Maji tunapimiwa, choo ni kimoja na foleni ni ndefu. Nifanyeje?"

Pole ndugu. Mimi Mlima Kenya nilijiponza kwa kujibana: kinyesi kikikaa, utumbo mpana unaendelea kukifyonza maji mpaka kinakuwa kigumu. Utumbo husukuma zaidi baada ya kula, hasa asubuhi. Basi amka kabla ya wenzako, kunywa kikombe kikubwa cha uji moto, subiri kama dakika 20, halafu nenda hata kama hujabanwa. Chuchumaa, usikamue. Pumba za nafaka usiongeze kwenye chakula sasa. Bila maji ya kutosha zinaweza kukuziba zaidi. Tumbo likivimba, ukatapika, hata ushuzi hautoki, usimeze dawa ya kukufanya uharishe. Omba gari, hospitali siku hiyohiyo.