Poloni ya friji na mjamzito

"Mke wangu ana mimba ya miezi saba. Poloni tuliyofungua tangu Jumatatu iko kwenye friji na hainuki, anaweza kula hivyo hivyo?"

Asile ikiwa baridi, ndugu. Huenda umesikia kwamba baridi huzuia vijidudu. Ni kweli kwa vingi, lakini listeria, aina ya bakteria wa kwenye chakula, huendelea kuzaliana polepole hata kwenye nyuzi 4, na chakula hakibadiliki harufu wala ladha. Kwa hiyo kila siku poloni inapokaa imefunguliwa, idadi ya bakteria hao inaweza kupanda, na friji zetu hapa Dodoma, umeme unapokatika mchana wa Oktoba, hazibaki hata kwenye hizo nyuzi 4.

Mimba hupunguza ile kinga ya mwili inayosaka vijidudu vilivyojificha ndani ya chembe hai, na listeria huishi humo humo, kisha huvuka kondo la nyuma. Mama anaweza kupata homa ndogo tu, ambayo huku wengi wataiita malaria, ilhali mtoto anafia tumboni au anazaliwa na maambukizi ya damu, kwa kuwa kinga yake bado haijakomaa. Katika mlipuko wa poloni Afrika Kusini wa 2017 hadi 2018, takriban wagonjwa 4 kati ya 10 walikuwa watoto wachanga.

Ikaangwe hadi itoe mvuke katikati. Mkeo akipata homa, amwambie daktari alichokula hata wiki kadhaa nyuma.