Kati ya "tupigiane" na "poa, tumeelewana"

Timu yetu ni watu sita na hatuna ofisi. Wawili tuko Dar es Salaam, mmoja yuko Mwanza, mmoja Nairobi, mmoja Kigali na mmoja Maskati. Tunatengeneza programu ambayo vikoba wanaitumia kuandika hisa, mikopo na marejesho ya wanachama wao. Kazi yote inapita kwenye grupu la WhatsApp, na jambo likiwa zito tunapigiana simu ya pamoja.

Jumatatu moja ya Juni 2024 katibu wa kikoba kimoja alinipigia akilalamika. Alikuwa anamsajili mama mmoja, programu ikamkatalia: namba hii ya simu imeshatumika. Ilikuwa imetumika kweli, na binti wa huyo mama. Nyumbani kwao wana simu moja. Kijana aliyejiunga nasi mwezi uliotangulia aliona namba zinajirudia kwenye orodha, akadhani ni kosa letu, akaweka kizuizi kwenye fomu ya usajili. Nilipomwambia kwamba suala hilo tulishalimaliza Machi, aliuliza swali la haki kabisa: "Liliandikwa wapi?"

Nikaingia kwenye grupu kutafuta. Mjadala niliukuta, tena mrefu. Dada wa Nairobi ndiye aliyeuliza tufanye nini wanachama wawili wakileta namba moja. Mwenzetu wa Mwanza akatuma picha ya daftari la kikoba, majina mawili yakiwa na namba ile ile. Watu wakabishana. Kisha mimi mwenyewe nikaandika, "Hii tupigiane." Meseji inayofuata imekuja dakika arobaini baadaye: "Poa, tumeelewana." Tulichoelewana hakimo. Grupu lilikuwa limehifadhi swali na ubishi, jibu likabaki kwenye simu.

Tangu siku hiyo tuna daftari la maamuzi. Ni folda ya mafaili mafupi iliyokaa pamoja na programu yenyewe, faili moja kwa uamuzi mmoja, kila moja na namba yake. Uamuzi wa kwanza kuuandika ulikuwa huo huo wa namba za simu, na hapo ndipo nilipopata somo ambalo sikulitarajia. Niliwauliza wenzangu watatu waliokuwa kwenye ile simu ya Machi: kwa nini tuliruhusu namba ijirudie? Mmoja akasema ni kwa sababu watu wanatumia simu kwa pamoja. Wa pili akasema ni kwa sababu laini iliyoachwa inaweza kupewa mtu mwingine. Wa tatu alikumbuka kwamba vikoba wenyewe ndio waliotuomba. Uamuzi mmoja, sababu tatu, na kila sababu inakupeleka njia yake. Kama ni laini kubadilisha mikono, basi namba ya zamani unaifuta na kazi imekwisha. Kama ni mama na binti kutumia simu moja, basi meseji yoyote ya salio la mkopo unayomtumia mama, binti anaisoma. Kwa hiyo sababu ndiyo iliyotuambia cha kufanya kuhusu meseji, jambo ambalo kwenye uamuzi wenyewe halikutajwa kabisa.

Tulirudi kwenye ile picha ya daftari na mjadala wake, tukakubaliana ipi ilikuwa sababu ya kweli. Faili likawa hivi:

```
U-001: Namba ya simu si utambulisho wa mwanachama
Hali: imepitishwa
Uamuzi: 2024-03-14
Imeandikwa: 2024-06-11, kwa kumbukumbu
Aliyeamua: mratibu wa bidhaa
Swali: Wanachama wawili wakileta namba moja, tufanye nini?
Tumeamua: Wote wasajiliwe. Utambulisho ni namba ya uanachama.
Sababu: Wapo wanachama wanaotumia simu moja nyumbani.
  Kuwakataa ni kuwatoa kwenye kikoba.
Tulichokataa: Kutumia namba ya mwenyekiti badala yake.
  Habari za mkopo wa mtu zingemfikia mwenyekiti.
Gharama: Meseji iweke jina la mwanachama, isiweke kiasi.
Turudie lini: Tukianza kutuma fedha kwenye simu za wanachama.
```

Tarehe mbili zimo makusudi. Ya kwanza ni siku uamuzi ulipofanyika, ya pili ni siku ulipoandikwa. Zikilingana, ninaamini ninachosoma. Zikipishana kwa siku tatu au zaidi, najua sababu zimeshaanza kupambwa, maana mtu huwa anakumbuka hoja iliyoshinda na kusahau iliyomtesa. Mwaka tunaandika kwanza, kisha mwezi, kisha siku, ili mafaili yajipange yenyewe na ili asitokee mtu wa kubishana kama 03/04 ni Machi au Aprili. Saa tunaandika kama simu inavyoonyesha, 14:00, na tunaongeza "ya Dar". Sisi tukisema saa nane, Kigali ni saa saba na Maskati ni saa tisa, na tulishawahi kumkosa mtu kwenye simu kwa ajili hiyo tu.

Nani aandike? Tulijaribu zamu, ikashindikana, kwa sababu mwenye zamu mara nyingi hakuwa na habari na jambo lenyewe. Sasa sheria yetu ni kwamba anayeandika "tupigiane" ndiye mwandishi. Kabla simu haijakatwa, anasoma kwa sauti sentensi moja ya kile tulichoamua. Hapa ndipo penye utamu, kwa sababu kwa makadirio yangu karibu nusu ya mara hizo mtu anadakia: "Hapana, mimi sikusema hivyo." Dakika tano za ziada hapo zinaokoa wiki nzima. Kisha siku hiyo hiyo anajaza faili na kuliweka kwenye grupu. WhatsApp haina linki ya kumpeleka mtu kwenye meseji moja ya zamani, kwa hiyo mwandishi anachagua zile meseji mbili tatu zilizobeba hoja, anazinakili pamoja na kuzibandika chini ya faili. Ukinakili zaidi ya moja kwa pamoja, zinakuja na tarehe, saa na jina la aliyeandika. Skrinshoti tuliziacha, kwa sababu huwezi kutafuta neno ndani ya picha kama unavyolitafuta kwenye maandishi.

Faili linapoingia kwenye grupu hali yake ni "pendekezo", na linakuwa na muda wa pingamizi hadi saa 12:00 ya Dar siku ya kazi inayofuata. Siku ya kazi inahitaji maelezo kidogo. Maskati wanapumzika Ijumaa na Jumamosi, sisi Jumamosi na Jumapili. Jambo la Alhamisi likipewa hadi Ijumaa, mwenzetu wa Maskati ataliona limeshapita. Kwa hiyo la Alhamisi tunalipatia muda hadi Jumatatu. Jambo la dharura linapita hapo hapo, ila kwenye faili tunaandika nani hakuwepo.

Sasa niseme kuhusu neno "sawa", ambalo limetugharimu zaidi ya kosa lolote la programu. Kwetu sisi "sawa" inaweza kuwa nakubali, inaweza kuwa nimekusikia, na inaweza kuwa sikubaliani lakini sitaki maneno na kaka mkubwa. Kidole gumba ni vivyo hivyo. Kulikuwa na jambo moja ambalo nilihesabu vidole vinne nikaona tumemaliza, kumbe viwili vilikuwa vya "nimeiona". Siku hizi kwenye muda wa pingamizi kila anayehusika anaandika moja kati ya mambo mawili: "nakubali" au "napinga kwa sababu". Mwanzoni vijana walikuwa wanaona haya kuandika "napinga" mbele ya watu waliowazidi umri. Ilipungua tulipoamua kwamba pingamizi nalo linaingia kwenye faili, chini ya "Tulichokataa", likiandikwa kwa namna ambayo mwenyewe angeliandika. Mtu akijua hoja yake itabaki hata ikishindwa, anaitoa.

Neno jingine tulilolipiga marufuku ni "imeamuliwa". Kiswahili kinakupa njia rahisi sana ya kumficha mtendaji, na faili lililoandikwa "imeamuliwa kwamba" halikuambii umwendee nani ukiwa na habari mpya. Ndiyo maana kuna mstari wa "Aliyeamua", nao unataka mtu mmoja. Tunaweka cheo, maana watu wanahama.

Hata faili zuri halimsaidii mtu asiyejua kwamba lipo. Yule kijana hakuwa mzembe. Alikuwa anasoma fomu ya usajili, na kwenye fomu hapakuwa na cha kumwonya. Kwa hiyo kila uamuzi ukishapita, mwandishi anaacha alama mahali ambapo mtu atasimama siku atakapotaka kuuvunja. Kwa huu wetu ni mstari mmoja juu ya sehemu inayopokea namba:

```
// Namba inaweza kujirudia kwa wanachama wawili: ona U-001
```

Kama uamuzi si wa programu, tuseme ni bei au siku ya kutoa ripoti, alama inakaa kwenye hiyo karatasi ya bei au kiolezo cha ripoti.

Uamuzi ukibadilika hatufuti kitu. Februari 2025 vikoba walitaka tuwatumie wanachama mkopo moja kwa moja kwenye simu, na ule mstari wa "Turudie lini" ukawa umetimia. Ukituma pesa kwa simu, jina linalotokea ni la mwenye laini. Mkopo wa mama ungeingia kwa jina la binti. Tukaandika U-019: anayepokea mkopo kwa simu awe na laini yenye jina lake, la sivyo achukue taslimu kwa mweka hazina. U-001 ilibaki kama ilivyo, isipokuwa hali yake ikawa "imebadilishwa kwa sehemu na U-019". Anayesoma leo anaona kwamba hatukuwa wajinga Machi 2024, mambo tu yalikuwa mengine.

Rangi ya kitufe, jina la faili, nani anaongoza simu ya Jumatano, hayo hatuyaandiki. Ninajiuliza tu: kuna mtu anayeweza kulipindua hili baada ya miezi miwili bila kujua kwamba lilikuwa na sababu? Kama hayupo, libaki kwenye grupu. Mwaka wa kwanza tuliandika 31, na ninadhani saba kati ya hizo hazikustahili.

Daftari likianza kuzorota utaliona kwenye mstari wa "Sababu". Mwandishi aliyechoka anarudia uamuzi kwa maneno mengine: tumeamua meseji zitoke asubuhi, sababu, asubuhi ni wakati mzuri. Nikiona hivyo nalirudisha faili. Halafu nasikiliza grupu. "Hivi tulikubaliana nini kuhusu..." ikitokea mara mbili kwa wiki, nakwenda kuangalia nani alisema "tupigiane" na faili lake liko wapi. Mwezi uliopita aliyekuwa na deni nilikuwa mimi, na aliyenidai ni yule kijana. Alinitumia meseji ya maneno mawili: "Liliandikwa wapi?"