Kampuni kuchacha na kampuni kufilisika ni vitu viwili tofauti

*"Wakuu, napofanya kazi hatujalipwa mishahara miezi miwili lakini mhasibu anasema kampuni iko vizuri ina mali za kutosha. Halafu jirani yetu analipa watu fresh kila mwezi na jamaa wa benki ananiambia yule kafilisika kitambo. Nani ananidanganya hapa?"*

Mkuu inawezekana hakuna anayekudanganya. Mimi nimefanya uhasibu kwa makandarasi wa barabara na majengo kwa muda mrefu, na kwenye ukandarasi hii kitu unaiona kila siku, aina zote mbili, wakati mwingine kwenye mtaa mmoja. Nitatumia kampuni mbili nilizozishikia vitabu, majina naacha na tarakimu nimezirekebisha kidogo ili zisomeke kirahisi.

Ya kwanza ilikuwa ya barabara. Yadi ina greda, roller, matipa, ukijumlisha bei ya sokoni mitambo ni kama milioni 900. Vyeti vya malipo vya kazi iliyokwisha pimwa na kusainiwa na mhandisi, ila hela haijatoka, milioni 620. Riteshen, yaani ile asilimia ambayo mwenye mradi, sisi tunamwita mwajiri, anaishikilia mpaka kipindi cha matazamio baada ya ujenzi kiishe, milioni 110. Benki kuna milioni 4. Jumla milioni 1,634. Upande wa madeni kuna mkopo wa benki milioni 350, mtu wa dizeli 140, wa kokoto na saruji 95, VAT 60, mishahara 28, jumla milioni 673. Ukitoa, mwenye kampuni anabaki na milioni 961 zake mwenyewe. Huyo hajafilisika hata kidogo, mhasibu wenu akisema mko vizuri anaongelea hesabu ya namna hii.

Sasa angalia nini kinadaiwa mwezi huu huu. Mishahara 28, VAT 60, rejesho la mkopo 18, na mtu wa dizeli kashavumilia sana anataka 140 yake yote. Hiyo ni milioni 246 na benki kuna 4. Greda huwezi kulikata tairi moja ukalipia mishahara. Cheti nacho kimesainiwa sawa, lakini kikitoka kwa mhandisi kinapanda kwa mwajiri, na kama ni taasisi ya serikali kinakaa kusubiri mgao wa fedha, inaweza kuwa wiki sita inaweza kuwa mwaka, na hamna mtu ofisini kwao anayeweza kukupa tarehe. Kinachouma zaidi ni VAT, maana ukishatoa ankara ya kodi inahesabika unadaiwa, ritani ni tarehe 20 ya mwezi unaofuata, TRA haijali kama mwajiri kakulipa au bado. Kwa hiyo unatafuta hela ya kulipia kodi ya pesa ambayo hujaipata. Ndo maana makandarasi wazoefu wanaanza na proforma, ankara yenyewe wanaisogeza mpaka waone dalili ya malipo.

Huko ndiko kuchacha, kitaalamu wanaita ukosefu wa ukwasi. Mali ipo, deni ni dogo kuliko mali, ila mali haigeuki kashi kwa spidi ambayo madeni yanaiva. Na usidhani uwiano wa vitabuni utakuonyesha, kwa sababu kwenye mizania vile vyeti vinaandikwa kama mali ya muda mfupi, sawasawa na hela iliyoko benki. Ukipiga kwa kampuni hii, mali za muda mfupi, yaani vyeti, riteshen na hela ya benki, milioni 734 dhidi ya madeni ya mwaka mmoja kama 539 ukihesabu na marejesho ya mkopo ya miezi 12, unapata karibu 1.4, mtu wa darasani anakwambia safi kabisa, wakati huo huo mtu wa dizeli yuko saiti anataka kuondoka na funguo za tipa. Kinachosaidia ni kitu cha kizamani tu, unachora wiki moja moja kwa miezi mitatu mbele, hela gani inaingia kwa uhakika na ipi inatoka, cheti ambacho hakina tarehe unaandika sifuri.

Kampuni ya pili ilikuwa ya majengo, na yule bosi kila mtu alimsifia. Mishahara tarehe 25, wauza nondo wanalipwa, gari mpya. Benki milioni 480. Mitambo chakavu ya 230, vyeti vinavyosubiri malipo 150, jumla milioni 860. Madeni ni mkopo 290, wauza vifaa 310, kodi 120. Ukiishia hapo anadaiwa 720, ana ziada ya milioni 140, na ndivyo mhasibu wake wa zamani alivyokuwa anaonyesha.

Shida ilikuwa kwenye advansi. Alikuwa kapata mikataba miwili mipya, ya jumla ya bilioni 2, akalipwa advansi ya asilimia 20, milioni 400, na yule mhasibu akaiandika kama mapato. Advansi sio mapato mkuu, ni deni la kazi, mwajiri anaikata kidogo kidogo kwenye kila cheti mpaka iishe. Ukiirudisha kwenye madeni, anadaiwa milioni 1,120 na mali ni 860. Yuko hasi milioni 260, huko ndiko kufilisika, na siku hiyo hiyo ana karibu nusu bilioni benki.

Alifikaje hapo? Tenda ya nyuma aliiombea kwa bei ya chini ili aipate, ikamla hasara, akaiziba kwa advansi ya mradi uliofuata, huo nao ukaanza ukiwa hauna hela ya kuumalizia, ikabidi atafute mwingine. Mzunguko huu unakwenda vizuri tu mradi kila mwaka tenda mpya iwe kubwa kuliko ya jana, na mwaka ambao hukupata ndio unaumbuka. Supamaketi zina hali kama hiyo, zinauza kashi leo zinamlipa msambazaji baada ya miezi miwili mitatu, ukifungua matawi mapya hela inaingia hata kama unauza kwa hasara. Nakumatt ya Kenya ilijaza matawi Afrika Mashariki, na ilipowekwa chini ya msimamizi Januari 2018 madeni yalishapita shilingi bilioni 30 za Kenya.

Halafu hizi hali zinaambukizana, hapa ndo watu wengi hawaangalii. Yule wa barabara alibanwa akauza greda la milioni 260 kwa 150 kwa sababu mnunuzi alijua ana haraka. Milioni 110 zimepotea kwa wiki moja, sio kwamba kazi ilikuwa na hasara. Tipa zikisimama saiti unachelewa, ukichelewa unakatwa faini ya ucheleweshaji, ukifanya hivyo mara tatu nne ule utajiri wa vitabuni unayeyuka na mwisho unafilisika kweli. Afadhali angeenda benki na vile vyeti, zipo zinazotanguliza asilimia 70 au 80 ya cheti kilichosainiwa, riba inauma ila haifiki hasara ya kuuza mtambo kwa kukurupuka. Yule wa pili hiyo dawa haimsaidii, kumkopesha ni kumwongezea shimo, yeye anahitaji mtu aweke mtaji au wadai wakubali kusamehe sehemu.

Kwa hiyo kwa bosi wako muulize mhasibu maswali mawili. Hizo mali ni nini, na zile zinazosubiri malipo zinasubiri kwa nani na toka lini. Akisema ni vyeti vya miezi mitatu kwa taasisi inayoeleweka, vumilia huku unadai. Akianza kutaja madai ya miaka miwili, au kiwanja ambacho bei yake kaipanga bosi mwenyewe, hapo anza kusambaza CV. Na kwa jirani, ukimpata huyo jamaa wa benki muulize tu kwenye ile akaunti ni kiasi gani ni advansi ambayo bado haijakatwa, na hati ya nyumba ya nani imewekwa dhamana, maana benki ndiyo iliyoidhamini hiyo advansi, kazi ikikwama mwenye mradi anaidai benki advansi yake na benki inamfuata mwenye hati.