Mtumie picha ya leo kabla hamjaonana

"Mama, Jumamosi naonana na yule kijana tuliyejuana mtandaoni. Picha zangu nimezitengeneza sana, hata rangi nimeing'arisha. Nimwambie, au nimwache ajionee mwenyewe?"

Mwanangu mpenzi,

Mwambie, tena kabla ya Jumamosi. Binamu yako ameniruhusu nikusimulie yaliyomkuta alipokuwa na miaka 19, alipokwenda kuonana na kijana waliyejuana mtandaoni.

Picha aliyomtumia alijipiga mwenyewe, simu ameishika karibu na uso. Simu ikiwa karibu hivyo, kama sentimita 30 kutoka usoni, pua huonekana pana kwa karibu asilimia 30 kuliko ukipigwa kutoka mita moja na nusu, kwa kuwa ndiyo iliyotangulia mbele ya kamera. Yeye akadhani ndivyo alivyo. Akaipunguza kwa programu, akaona taya halilingani nayo, akalibana. Akapanua macho, akalainisha ngozi, na kovu la maji ya moto shavuni likapotea. Mtazamaji makini angeona fremu ya mlango nyuma yake imepinda, maana ukibana uso, vilivyo pembeni yake navyo huvutwa. Lakini nani huangalia mlango?

Walikutana Forodhani, Unguja, jioni. Kijana akampita mara mbili. Hatimaye akapiga simu, nayo ikalia mkononi mwa binamu yako, hatua chache tu kutoka aliposimama. Akatazama kioo, akamtazama usoni, akauliza, "Ni wewe?"

Hakumvunjia heshima. Alinunua juisi ya miwa, wakakaa. Ila maswali yake yakaanza kubadilika: kweli unasoma ualimu? Kweli una miaka 19? Hayo yote binamu yako alikuwa amemwambia ukweli mtupu, na sasa ilimbidi ayatetee. Hilo ndilo lililomuuma kuliko ule mshangao wa mwanzo. Akajikaza, akasema, "Nilificha kovu langu." Kijana akajibu, "Kovu nisingelijali. Sasa sijui lipi niamini." Hawakuonana tena.

Picha anayoitumia tangu hapo alipigwa na mdogo wake, nawe fanya kama yeye. Mpe mtu simu, asimame mita moja na nusu au mbili, wewe uelekee dirishani mchana. Kwanza ingia kwenye mipangilio ya kamera uzime kile kipengele cha urembo. Simu nyingine huja kikiwa kimewashwa, zikalainisha ngozi hata kama hukuziomba. Usiiguse picha hiyo. Mtumie na maneno machache: "Zile nilizitengeneza sana. Hii ni ya leo, ndivyo nilivyo." Usijieleze kwa kirefu wala usiombe akusifu.

Huenda akanyamaza. Itauma, lakini utalijua ukiwa nyumbani, si mbele ya watu. Akijibu vizuri, nendeni mahali penye watu, nawe unitumie ujumbe ukifika na ukiondoka.

Mama yako