Nimefuta historia, mbona neno limerudi?

*Fundi, habari za kazi. Nyumbani tunatumia simu moja: mimi, mama na kaka. Nilitafuta habari za vidonge vya uzazi wa mpango, nikafuta historia yote ya Chrome. Jana kaka anaandika "vi", neno zima likajileta mbele ya mama. Nimekosea wapi?*

Dada, kwanza niambie: neno lilitokea juu ya kibodi, au chini ya kisanduku cha kutafutia? Watu hudhani historia ni ndoo moja, ukiimwaga imekwisha. Sivyo, na kila wiki naletewa simu kwa kosa hilihili.

Kama ni juu ya kibodi, Chrome haihusiki. Gboard, yaani kibodi ya Google, ilijifunza neno ulipoliandika. Likijitokeza tena, likandamize bila kuachia, kisha liburute hadi kwenye pipa la taka. Usikimbilie "Delete learned words and data", maana itafuta na maneno aliyoyazoea mama, naye atauliza kulikoni.

Kama ni kwenye kisanduku, tazama alama iliyo kando yake. Saa ndogo ni utafutaji uliofanyika kwa akaunti hiyo. Kioo cha kukuzia ni pendekezo la kawaida tu, na huenda hata si lako. Lenye saa limehifadhiwa Google. Fungua myactivity.google.com, tafuta neno hilo, futa mistari hiyo peke yake. Kama akaunti iliyo kwenye simu ni ya mama, na imefunguliwa pia kwenye kompyuta ya mtu, neno linaweza kuonekana na huko.

Siku nyingine fungua dirisha la Incognito kabla hujaandika chochote. Hapo Chrome haiweki historia, na Gboard nayo haijifunzi. Kama mipangilio ya simu yenu ina "Multiple users", kuingia kama Guest, yaani mgeni, ni bora zaidi: ukitoka na kufuta kikao, vya humo vyote vinaondoka. Simu nyingi hazina.

WhatsApp ni kesi nyingine. Ukitaka kusambaza ujumbe, juu kabisa inakuja "Frequently contacted", na haina kitufe cha kuisafisha. Tena mwenye macho hahitaji orodha. Simu iliyojaa kila siku ikilala tupu ghafla, hapo ndipo anaanza kupekua. Na ukilipia dawa kwa M-Pesa, ujumbe wa malipo unaingia kwenye laini ya mama.

Kinachonikera ni hawa wa "leta simu nikufutie kila kitu". Wanairudisha kama ilivyotoka kiwandani, wanachukua pesa, mteja anaingiza akaunti ileile na utafutaji wa zamani uko palepale. Wengine wanaomba nywila ya akaunti yenyewe! Kisha kuna programu za kusafisha simu zinazodai ruhusa ya Accessibility, ruhusa inayoweza kusoma kilicho kwenye kioo. Mteja mmoja alikuja na tatu kwenye simu moja. Kilichomponza si historia. Mumewe aliziona zimepangana kwenye ukurasa wa mbele, akamuuliza anasafisha nini.