Jibu: Salio la benki na pesa ya kisima

"Benki tuna 2,100,000. Kwa nini mhasibu anasema hatuwezi kulipa kodi ya ofisi 700,000?"

Ndugu mweka hazina, mhasibu wako yuko sahihi. Salio la benki halionyeshi pesa ni ya nani. Chukua daftari, chora safu mbili: fedha zenye masharti na fedha huru.

Tuseme mfadhili alitoa 6,000,000 za kisima, mkatumia 4,200,000. Zimebaki 1,800,000, na hizo ni za kisima tu. Ada za wanachama zilikuwa 1,500,000, mkatumia 1,200,000 kwa uendeshaji. Fedha huru ni 300,000 basi. Mkilipa kodi yote, safu ya fedha huru inashuka hadi hasi 400,000, maana yake mmekula kisima. Dalili ni hiyo: salio la benki linakuwa dogo kuliko fedha zenye masharti.

Wengi hukosea hapa: kamati ikitenga ada kwa ajili ya sherehe, hayo si masharti, maana kamati yenyewe inaweza kubadili uamuzi wake. Masharti ya mfadhili hamuwezi kuyafuta kwa kikao. Mwandikieni kabla ya kugusa hata shilingi, msubiri jibu la maandishi.